Somo: Kupanga upya ukurasa wa maswali ili hofu ya mnunuzi itangulie

Swali la "ukurasa wa maswali niupangeje" limerudi tena, na jibu langu ni lile lile, kwa hiyo naliandika hapa mara moja. Mfano ni duka la laptopu za mtumba lililopo Kariakoo, linalotuma mizigo mikoani kwa basi. Ukiuza viatu au vipuri, badilisha bidhaa tu.

Ukurasa wa duka la namna hii huanza na "Sisi ni nani?", halafu "Dira yetu ni ipi?". Mtu aliyepo Songea, anayetaka kutuma laki nne na nusu kwa mtu asiyemjua, dira haimhusu.

Hatua ya 1. Pitia chati zote za wateja za siku 60 zilizopita. Wasapu ina "Export chat", lakini daftari na kalamu vinatosha.

Hatua ya 2. Andika swali kwa maneno ya mteja mwenyewe. Kama aliuliza "ikizingua je?", usimgeuzie kuwa "Sera ya udhamini ikoje?". Jicho lake linatafuta neno lake.

Hatua ya 3. Kuhesabu. Hapa ndipo nilipoharibu mara ya kwanza, kwa kuhesabu ujumbe. Tuseme una chati 80. "Mzigo umefika wapi?" limeulizwa mara 60, "bado ipo?" mara 41, na "nikituma hela nitaletewa kweli?" mara 9 tu. Ukipanga kwa hesabu hiyo, mzigo unakaa juu na hela inakwenda chini kabisa. Lakini zile 60 zimetoka kwa watu 14 ambao wameshalipa, wanauliza asubuhi, mchana na jioni. Wale 9 bado hawajalipa, na ukisoma chati zao unakuta 7 walinyamaza baada ya kujibiwa. Mauzo yamepotelea hapo.

Kwa hiyo chora safu tatu: watu wangapi wameuliza (si jumbe ngapi), waliuliza kabla au baada ya kulipa, na baada ya jibu nini kilitokea: alinunua, aliendelea kuuliza au alinyamaza. Yanayotangulia ukurasani ni yale ya kabla ya kulipa yenye watu wengi walionyamaza.

Tahadhari mbili. Kwanza, "bado ipo?" na "bei gani?" si maswali ya ukurasa huu. Dawa yake ni kuandika bei na "imeuzwa" kwenye ukurasa wa bidhaa. Pili, watu wetu ni wastaarabu, hawatakuuliza kama wewe ni tapeli. Watasema "duka lenu lipo mtaa gani?", "naweza kumtuma shemeji aje aione?", "mna risiti?". Yote hayo ni swali moja. Ukiyahesabu matatu, kila moja litaonekana dogo na utaliacha chini.

Hatua ya 4. Weka maswali 5 hadi 7 ya kabla ya kulipa juu. Ya baada ya kulipa yapewe kichwa chao chini. "Sisi ni nani" ina ukurasa wake.

Hatua ya 5. Kufupisha. Sentensi ya kwanza ndiyo jibu: ndiyo, hapana, siku ngapi, shilingi ngapi. Ya pili ni sharti. Ukifika maneno 40, simama. Jibu la zamani lilikuwa hivi: "Mteja wetu mpendwa, tunathamini sana ubora wa bidhaa zetu, hivyo tumeweka utaratibu madhubuti wa kuhakikisha..." Jipya:

*Ikizingua je?* Ndani ya siku 30 tunaitengeneza au tunakubadilishia. Haihusu kuanguka, kuingia maji wala kioo kupasuka. Nauli ya kuileta unalipa wewe, ya kuirudisha tunalipa sisi.

Angalia kwamba kioo na nauli havikukatwa. Kinachokatwa ni salamu na sifa. Ukikata sharti, jibu litakuwa fupi lakini ugomvi utakuwa mrefu.

Hatua ya 6. Mpe kila swali `id` isiyobadilika, ili linki ulizokwisha kutuma zisife ukibadilisha maneno. Lile la hela liache wazi kwa `open`, asilazimike kubonyeza:

```html
<details id="malipo" open>
  <summary>Nikiwa mkoani nalipaje?</summary>
  <p>Jibu hapa.</p>
</details>
```

Maswali chini.

---

Mzee wa Kabati: Mkuu, tupia basi orodha nzima ya maswali ya duka la nguo tukopi.

Mtoa somo: Hatua ya 1. Chati za wateja wako unazo wewe.

Binti Tabata: Asante kwa somo. Nimekwama kwenye betri. Kila laptopu ina hali yake, sasa jibu moja fupi litatosha vipi?

Mtoa somo: Swali zuri hili, dada. Kwenye ukurasa wa maswali unaandika kiwango chako, namba ya kila mashine unaiweka kwenye ukurasa wa mashine hiyo. Kwenye Windows fungua Command Prompt uandike:

```
powercfg /batteryreport
```

Itakuonyesha ilipohifadhi ripoti. Ndani yake tafuta DESIGN CAPACITY na FULL CHARGE CAPACITY. Ya kwanza ikiwa 50,000 na ya pili 38,500, betri imebaki na asilimia 77. Jibu linakuwa: "Hatuuzi laptopu yenye betri chini ya asilimia 70. Kipimo cha kila moja kipo chini ya picha zake." Usiahidi saa. Anayetazama video mwanga ukiwa juu na anayeandika barua hawatapata saa sawa, na atakayekosa atakudai.

Kibopa wa Nyanda: Sikubaliani. Ukianza na mambo ya utapeli unamtia mteja shaka ambayo hakuwa nayo.

Mtoa somo: Shaka amekuja nayo, soma tena tahadhari ya pili. Sijasema uandike "Je, ninyi ni matapeli?". Kichwa ni "Nikiwa mkoani nalipaje?" na jibu ni: "Mtume ndugu aje aikague na kulipa dukani, au tuiwashe ukiiona kwa simu ya video, ndipo ulipe. Siku hiyo hiyo tunakutumia picha ya risiti ya basi." Neno utapeli halipo.

Kibopa wa Nyanda: Hapo sawa.

Fundi Mwenge: Zamani maswali yalikuwa yanatokea Google chini ya linki yangu. Siku hizi hakuna. Nimekosea code?

Mtoa somo: Hujakosea. Agosti 2023 Google walibakiza maonyesho hayo kwa tovuti zinazojulikana za serikali na za afya. Kama uliongeza maswali 20 kwa ajili hiyo tu, sasa yafute.

Mama Chaja: Nyongeza kidogo: majibu hayo hayo nimeyaweka kwenye Quick replies za WhatsApp Business. Naandika /betri, jibu linakuja.

Mtoa somo: Safi sana. Ila ukibadilisha siku 30 kuwa 14 ukurasani, badilisha na huko siku hiyo hiyo. Mteja atapiga picha skrini ile yenye 30.

Mzee wa Kabati: Chati za siku 60 ni nyingi mno. Nikichukua wiki moja?

Mtoa somo: Chukua. Ila isiwe wiki ya mwisho wa mwezi pekee. Mshahara ukitoka wanaokuja wengi wameshaamua, waoga utawakuta katikati ya mwezi.