Somo: Kumwandikia mgeni njia ya kufika kwako kutoka stendi ya Nanenane, Dodoma

Wakuu, kila likizo ikikaribia napigiwa simu ileile: "Mgeni wangu yuko Nanenane, nimwelekezeje?" Naandika mara moja, atakayeniuliza tena nitamtuma asome hapa. Mfano ni kwangu, maeneo ya Mipango, barabara ya Arusha.

Hatua ya 1. Taja stendi kwa jina: Nanenane, jirani na Soko la Ndugai. Ukiandika "stendi" tu, watu wazima wanafikiria ile ya zamani ya mjini.

Hatua ya 2. Daladala ya kwanza: Sabasaba, mwisho wa gari.

Hatua ya 3. Daladala ya pili, na kituo kwa jina analolijua konda. Usiandike "Miyuji", Miyuji ni kubwa.

Hatua ya 4. Kutoka kituoni hadi getini. Hapa someni taratibu.

Mwaka jana nilimwandikia shangazi yangu wa Gairo, mwenye kitochi: "Ukishuka ingia ndani, kona ya pili kushoto, duka la bluu." Niliandika nikiwa sebuleni, na njia niliiona kichwani kama ninavyoipita kila asubuhi nikienda kazini. Kona ambayo mimi nikitoka naikata kushoto, anayeingia anaikata kulia. Shangazi akafuata neno kwa neno. Duka nalo lilikuwa limepakwa rangi nyingine wiki hiyo. Nilimkuta saa 2 usiku amekaa juu ya begi lake nje ya ukuta wa watu, kiroba cha karanga miguuni, simu imezima. Bado inaniuma.

Kwa hiyo, kabla ya kuandika, nenda kituoni ukatembee kuja nyumbani kama mgeni. Daladala zetu mlango uko kushoto, hivyo mgeni anashukia upande wa kushoto wa barabara. Mwambie asubiri gari liondoke, kisha aipe barabara mgongo. Hapo kulia kwako na kulia kwake ni kumoja. Kama kwako ni ng'ambo, avuke kwanza, ndipo aipe barabara mgongo.

Alama iwe kitu kisichohama: mti mkubwa, tangi la maji, msikiti, kanisa. Rangi ya duka na kijiwe cha boda usiviamini. Na mwandikie kitakachomjulisha kuwa amepitiliza.

Meseji moja ina herufi 160. Ukiandika ndefu, kwenye simu nyingine inafika vipande, hivyo igawe mwenyewe na uweke namba:

"1/3 Shikamoo shangazi. Usishuke Ihumwa, shuka Nanenane. Panda daladala ya Sabasaba, shuka mwisho."

"2/3 Hapo ulizia daladala ya barabara ya Arusha inayopita Mipango. Mwambie konda: Mipango, chuoni."

"3/3 Gari likiondoka ipe barabara mgongo. Fuata njia ya vumbi, kona ya pili kulia. Geti jeusi lenye mwembe. Ukiona kanisa umepita, rudi."

MASWALI

kijana_wa_area_d: Si umtumie lokesheni tu?

Mwandishi: Kitochi. Nimeandika hapo juu.

mama_zawadi: Mimi niko Nkuhungu, niandikie na ya kwangu basi.

Mwandishi: Hapana dada. Njia yako sijaitembea, nitampoteza mgeni wako kama nilivyompoteza wangu. Hatua ya 4, anzia kituoni.

msafiri_singida: Mkuu, baba mkwe anatokea Singida. Hatua ya 1 ni ileile?

Mwandishi: Swali zuri sana. Basi la Singida linaingia upande wa magharibi, Nanenane iko mashariki, barabara ya Dar. Maana yake mzee analipita jiji ndipo afike stendi. Kama unakaa upande wa magharibi, muulize konda wa basi mapema kama atamshusha njiani na wapi hasa, kisha andika hatua ya 4 kuanzia hapo. Akikataa, mzee aende mpaka Nanenane, usimwache abahatishe.

binti_wa_kongwa: Mdogo wangu nilimwambia "tunakaa Chamwino". Akatelemka Chamwino ya Ikulu, mimi niko kata ya Chamwino hapa mjini!

Mwandishi: Pole dada. Hiyo inawapata wengi wanaotoka Dar na Morogoro, kwa sababu Chamwino ya wilayani wanaifikia kwanza. Anza hivi: "Usishuke Chamwino ya njiani, njoo mpaka Nanenane." Jina la kata mtajie akishafika mjini.

kijana_wa_area_d: Sawa mkuu, nimerudia kusoma. Akifika usiku mwembe ataonaje?

Mwandishi: Hapo umeuliza. Usiku mimi naandika taa: "geti lenye taa juu", na naiwasha kabla hajashuka Sabasaba. Lakini akifika alfajiri sana, mfuate stendi.

msafiri_singida: Nyongeza: angalieni saa ya tiketi. Ya baba mkwe imeandikwa 10:00, nikajua saa 10 jioni. Kumbe saa 4 asubuhi.