Safu ya beji kwenye kitabu cha wageni

Kitabu cha mapokezi kikiwa na saa ya kuingia na kutoka tu, beji hupotea kimyakimya. Ongeza safu mbili: namba ya beji na "imerudi". Hiyo ya pili asiijaze mgeni; mhudumu ndiye aweke alama, beji ikiwa mkononi mwake.

Kabla ya kufunga ofisi, hesabu beji zilizopo. Tuseme kati ya 20 hazipo namba 7 na 12. Wa namba 7 hana saa ya kutoka, basi mpigie mwenyeji wake, huenda bado wako kikaoni. Wa namba 12 ametoka ila safu ya "imerudi" iko wazi: kaondoka nayo. Mpigie usiku huohuo, na mjulishe mlinzi wa getini kwamba namba 12 haitumiki mpaka irudi.