Kabla ya kutaja kiasi cha akiba ya dharura: hesabu ya nyumba moja ya Busia

Ushauri wa kuweka akiba ya miezi mitatu au sita umeshazoeleka. Kazi iko kwenye kujua mwezi mmoja wa nyumba yako unagharimu nini hasa, na mtu hupata jibu baya kwa sababu huanza na mshahara. Mshahara uweke kando. Akiba hii inalipa matumizi, tena yale ambayo hayaepukiki kazi ikisimama.

Tuchukue familia ya mfano mjini Busia, upande wa Uganda: mama anauza vitenge karibu na mpaka, baba ni mwalimu wa shule ya binafsi, watoto wawili wanasoma. Pato likikatika, bado watalipa kodi ya nyumba shilingi 200,000, chakula 350,000, mkaa 60,000, umeme wa Yaka pamoja na maji 50,000, boda boda 40,000, na rejesho la mkopo 87,500. Nguo mpya na michango ya harusi zitasubiri. Jumla yake ni 787,500.

Hapo wengi hufunga daftari, na karo imesahaulika. Watoto hawa wanalipiwa 450,000 kila muhula, na mihula ni mitatu, hivyo kwa mwaka ni 1,350,000. Igawe kwa miezi 12 upate 112,500. Sasa mwezi wao ni 900,000, na miezi mitatu ni 2,700,000. Lakini shule haidai kwa wastani. Pato likikatika mwishoni mwa Januari, muhula wa kwanza unafungua papo hapo na karo yote inatakiwa. Kwenye miezi mitatu ya akiba wameweka karo ya 337,500 tu, kwa hiyo pengo ni 112,500. Lengo lao lisogee hadi kama 2,800,000.

Je, miezi mitatu inawatosha? Husemwa kwamba nyumba yenye mapato mawili inaweza kuridhika na mitatu, maana si rahisi yote yaanguke pamoja. Mimi ningeuliza kwanza kama mapato hayo yanaweza kuangushwa na jambo moja. Machi 2020 Uganda ilifunga shule na kuzuia abiria kuvuka mipaka. Malori ya mizigo yaliendelea kupita, lakini mnunuzi wa kitenge wa kutoka ng'ambo hakuja. Shule hazikufunguka zote hadi Januari 2022. Mwalimu wa binafsi na muuza vitenge wangepoteza pato ndani ya wiki moja. Nyumba ya namna hii naihesabu kama ya pato moja, na ningeiwekea miezi sita, ila mitatu iwe kituo cha kwanza.

Muda wa kuijenga unategemea wanachotenga. Anayetumia sehemu tisa za pato na kuweka moja anahitaji miezi tisa kupata mwezi mmoja wa matumizi yake. Anayeweka moja kati ya tano anahitaji minne. Riba haibadilishi sana hesabu hii, kwa kuwa muda ni mfupi na fedha bado ni chache.

Familia yetu inatenga 150,000 kwa mwezi, na kwenye karatasi itafika kituo hicho cha kwanza baada ya miezi 19. Ila mwezi wa kufungua shule haubakizi kitu, na miezi hiyo ni mitatu kwa mwaka. Kwa miezi tisa tu wanaweka 1,350,000, hivyo 2,800,000 itachukua miaka miwili na ziada kidogo. Mtoto akilazwa na wakatoa 600,000, ongeza miezi minne ya kuweka. Ukiona salio lako linashuka kila muhula ukianza, ujue umechanganya karo na dharura kwenye mfuko mmoja, zitenganishe.

Mahali pa kuziweka paamuliwe mapema. Kiasi cha wiki moja au mbili kikae kwenye simu, ingawa kutoa huko kuna ada ya wakala na kodi ya asilimia 0.5 ya kiasi unachotoa. Sehemu kubwa iende benki, ambako Mfuko wa Kulinda Amana unamlinda kila mteja hadi shilingi milioni 10. Ulinzi huo hauvifikii vyama vya akiba na mikopo. Kikundi cha akiba kinachogawana Desemba kinafaa kwa karo ya Februari, ila ukiugua Julai hesabu yao huwa haijafungwa. Na kama umemdhamini mwenzako kwenye chama, uliza kwanza ni kiasi gani cha akiba yako kimeshikiliwa mpaka amalize kulipa. Kiasi hicho usikihesabu.