Kukata makubazi kutoka kwenye mkeka na kuyawekea kivuli cha katalogi

Fundi mmoja wa makubazi aliniletea picha za jozi kumi na mbili, zote amezipiga kwa simu barazani kwake. Makubazi yenyewe safi, ila yamekaa juu ya mkeka wa rangirangi, pembeni ndoo, na kona moja mkia wa paka. Alitaka yakae kwenye weupe mtupu, na kivuli chepesi chini. Nitaeleza nilivyoifanya jozi moja kwa GIMP 2.10, programu ya kuhariri picha ambayo ni ya bure. Jozi zilizobaki zilifuata njia hiyohiyo.

Kwanza kitazame kivuli cha asili

Kabla hujakata chochote, angalia kivuli kilichomo kwenye picha. Kimelalia upande gani? Kimekoza wapi na kimefifia wapi? Kwenye picha hii mwanga ulitoka kushoto, kwa hiyo kivuli kililala kulia. Chini ya kisigino kilikuwa cheusi na chembamba, lakini mbele, ambapo soli imejikunja juu kidogo, kilikuwa kipana na hafifu. Niliandika hayo kwenye karatasi, maana ukishafuta mkeka kivuli nacho kimekwenda.

Kisha kata picha iwe mraba kwa `Shift+C`, makubazi yakae katikati na nafasi ya kutosha ibaki kila upande. Picha yangu ilibaki pikseli 3000 kwa 3000.

Kukata

Wengi hukimbilia kifaa kinachochagua rangi kwa mbofyo mmoja. Kwenye ukuta mweupe kitakufaa, lakini hapa ukili wa mkeka una kahawia ileile ya ngozi, kwa hiyo kifaa kinakula soli na kuacha vipande vya mkeka. Nilitumia njia ya kuchora kwa mkono: bonyeza `B` upate kifaa cha `Paths`.

Kuza picha hadi asilimia 200. Bofya ukingoni mwa soli, nenda mbele hadi mkunjo unapobadilika, bofya tena na uvute bila kuachia kipanya ili mstari upinde kufuata soli. Nukta chache hutoa ukingo laini. Nukta nyingi hutoa ukingo wenye meno. Kubazi moja lilinitosha kwa nukta kama ishirini. Muhimu zaidi, mstari upite ndani ya ngozi kwa pikseli moja au mbili. Ukipita juu ya ukingo wenyewe utabeba uzi wa rangi ya mkeka, na kwenye weupe uzi huo utaonekana hata ukiwa mbali.

Ukifika mwisho, shikilia `Ctrl` na ubofye nukta ya kwanza ili kufunga njia. Kubazi la pili lizungushie vivyo hivyo ndani ya njia hiyohiyo, kisha bonyeza `Enter`. Njia inageuka uteuzi, yaani eneo lililochaguliwa. Ulainishe kidogo kwa `Select > Feather`, pikseli 2.

Usifute mkeka. Nenda `Layer > Mask > Add Layer Mask`, chagua `Selection`. Maski huficha tu: ukipaka nyeusi juu yake sehemu inapotea, ukipaka nyeupe inarudi. Mkono ukiteleza, kosa linarekebishika hata kesho.

Sasa matundu. Kati ya ukanda na soli mkeka bado unachungulia. Fungua kidirisha cha `Paths`, tengeneza njia mpya, zungushia tundu, bonyeza `Enter`. Hakikisha umebofya maski na si picha, weka nyeusi kuwa rangi ya mbele, halafu `Edit > Fill with FG Color`. Rudia kwa kila tundu, kisha ondoa uteuzi kwa `Shift+Ctrl+A`. Picha nyingi za mtaani hujulikana zimekatwa kwa haraka kwa sababu ya matundu haya tu.

Kutafuta makosa

Weka leya mpya, yaani tabaka jipya la picha, chini ya makubazi, uijaze kijani kikali. Si nzuri, lakini ndiyo inayosema kweli. Uzi mweupe, kipande cha ukili, pembe iliyoliwa, vyote vinajitokeza. Rekebisha kwa brashi ndogo laini juu ya maski.

Makosa mawili hayaonekani haraka. La kwanza ni rangi iliyoakisiwa: mistari myekundu ya mkeka ilirusha wekundu ubavuni mwa soli, na mkeka ukiondoka wekundu huo unakosa sababu. Bofya picha yenyewe badala ya maski, shika brashi ukiwa umebadilisha `Mode` kuwa `HSL Color`, chukua rangi ya ngozi ya jirani kwa `Ctrl` na mbofyo, upake taratibu. Rangi inabadilika, mishono na mikunjo inabaki. La pili ni ukali wa ukingo. Kamera ilikuwa imelenga vidoleni, kisigino cha nyuma kina ukungu kidogo, lakini maski yangu ilikuwa kali kote, kikaonekana kama kimekatwa kwa mkasi. Nilipitisha kifaa cha kufifisha, `Shift+U`, juu ya maski sehemu ile tu.

Ukiridhika, ijaze leya ya kijani kwa nyeupe, kisha punguza picha hadi 2000 kwa 2000 kwa `Image > Scale Image`. Vipimo vya kivuli ninavyotaja hapa chini ni vya ukubwa huo.

Kivuli

Usiguse `Drop Shadow`. Kichujio hicho kinanakili umbo zima na kulisogeza nyuma. Kinafaa kwa kitu kilicholala na kupigwa picha kutoka juu, kama khanga iliyokunjwa. Makubazi haya yamepigwa kutoka mbele na juu kidogo, yamesimama kwenye sakafu. Ukiyapa kivuli cha umbo zima, hata ukanda wa juu utapata kivuli nyuma yake, na kubazi litaonekana limebandikwa ukutani.

Tengeneza vivuli viwili, kila kimoja kwenye leya yake tupu, kati ya weupe na makubazi. Cha kwanza ni cha mguso. Bonyeza `F`, chora utepe mwembamba kufuata chini ya soli, sehemu kubwa ijifiche chini ya kubazi na pikseli tano hivi zitokeze nje. Jaza rangi `2b2622`, kahawia iliyokaribia weusi, kwa kuwa weusi mtupu hufanana na wino uliomwagika. Ondoa uteuzi, tumia `Filters > Blur > Gaussian Blur` kwa 5, ushushe `Opacity` hadi 60.

Cha pili ni kipana. Chora umbo legevu linalotokeza pikseli 80 upande wa kulia, jaza rangi ileile, fifisha kwa 45, `Opacity` 25. Kisha rudi kwenye karatasi yako: mbele, soli ilipoinuka, punguza kivuli cha mguso kwa kifutio laini. Bila hatua hiyo kubazi linaonekana limegandishwa sakafuni.

Chukua kifaa cha kuchota rangi, `O`, uguse pembe nne za picha. Kila moja isome `ffffff`. Ikisoma chini ya hapo, kivuli kimefika ukingoni na kitakatika kwa mstari kwenye ukurasa. Kisogeze au kipunguze.

Hifadhi faili la kazi kama XCF, halafu `File > Export As` kwa JPEG, ubora 90. Kwa uchapishaji wa pikseli 300 kwa inchi, pikseli 2000 zinakupa karibu sentimita 17. Na ukimtumia fundi kwa WhatsApp, mtumie kama dokumenti. Mimi mara ya kwanza nilituma kama picha ya kawaida, ikabanwa njiani, akanipigia kuuliza mbona kivuli kina madoadoa.