Somo: Kuondoa chenga kwenye video ya usiku bila kuufanya uso uwe wa nta

Mfano wetu ni video ya usiku wa hina niliyoipiga Ngamiani, Tanga, katika ua uliokuwa na taa moja tu. Nilipandisha ISO hadi 6400, na picha ikajaa chenga za namna mbili: za rangi, nyekundu na kijani, zilizotambaa vivulini, na za kijivu zilizochezacheza juu ya nyuso. Chenga za rangi zinaweza kusafishwa kwa nguvu, kwa sababu jicho haligundui upesi rangi inapopoteza ukali wake. Makunyanzi, nyusi na vinyweleo, kwa upande mwingine, hukaa katika mwangaza, na hapo ndipo mkono unapaswa kuwa mwepesi.

Kata kwanza sekunde 10 zenye uso wa karibu na mkono unaotembea, uzifanyie majaribio. Usiongeze mwanga kabla ya kusafisha, kwa kuwa utazikuza chenga zenyewe. Kisha ipe programu ya ffmpeg amri hii:

```
ffmpeg -i jaribio.mp4 -vf "hqdn3d=1:6:3:8,noise=c0s=3:c0f=t" -c:v libx264 -crf 17 -c:a copy safi.mp4
```

`hqdn3d` ndicho kichujio cha kuondoa chenga, na namba yake ya kwanza husafisha mwangaza ndani ya fremu moja kwa kuchanganya nukta jirani. Hiyo ndiyo inayoleta nta, nami siipitishi 2 penye uso. Ya pili hufanya vivyo hivyo kwa rangi. Ya tatu, ya mwangaza, na ya nne, ya rangi, hulinganisha fremu na zilizoitangulia: chenga hubadilika kila fremu ilhali kunyanzi hubaki mahali pake, kwa hiyo chenga hufifia na kunyanzi husalia. Sehemu ya `noise` hurudisha punje nyembamba za mwangaza, ili ngozi isionekane tupu.

Tazama matokeo kwa ukubwa wake kamili, fremu ikiwa imesimama na ikiwa inatembea. Mkono ukiburuta kivuli nyuma yake, shusha namba ya tatu hadi 2.

Swali: Mwalimu, niliweka 0 kwenye namba ya kwanza ili uso usiguswe, lakini umezidi kuwa laini. Kwa nini?

Jibu: Kichujio hiki huisoma 0 kana kwamba hukuandika kitu, kikarudi kwenye 4, ambayo ndiyo thamani yake ya kawaida. Andika 0.5.

Swali: Rangi ya hina imevuja nje ya mistari ya maua kiganjani.

Jibu: Hiyo ni namba ya pili, ndugu yangu, ishushe hadi 3, ukubali chenga chache za rangi vivulini.

Swali: Kwangu uso ulikuwa mzuri, ila baada ya kupunguza ukubwa wa faili umekuwa nta tena.

Jibu: Mbano mkali hufuta punje zilezile tulizozirudisha. Ukipandisha `-crf`, namba inayoamua ukali wa mbano, hadi 28, ngozi hupotea hata kama usafishaji ulikuwa sahihi. Jaribu 20 kwanza.