Somo: Barua pepe nne za kumrudisha mnunuzi wa kwanza kwenye duka la vitabu mtandaoni

Somo hili ni la mwenye duka la vitabu mtandaoni ambaye wateja wapya anawapata, ila wengi wananunua kitabu kimoja kisha wanapotea. Chanzo kikubwa cha tatizo ninachokiona ni kalenda. Barua za kumkaribisha mteja huhesabiwa kuanzia siku aliyolipa, kwa hiyo siku ya tatu anaambiwa "tazama na hivi" wakati kitabu chake bado kiko njiani. Kitabu hakitumiki siku kinapofika. Kinahitaji kusomwa, na hamu ya kingine huja mtu akikaribia kukimaliza. Barua zifuate safari hiyo.

Hatua ya 1: Tenganisha waliojiandikisha na walionunua

Aliyeacha anwani yake bila kununua ni mtu mwingine kabisa na aliyelipa. Maduka mengi yana msururu mmoja kwa wote, na barua ya kwanza ina kuponi ya punguzo. Aliyelipa bei kamili dakika kumi zilizopita akipata kuponi hiyo, atajiona kaonewa, na wengine watakuandikia wakidai tofauti. Kwenye mfumo wako wa kutuma barua, weka sharti kwamba oda ya kwanza ikilipwa, mtu anatolewa kwenye msururu wa waliojiandikisha na kuingizwa kwenye huu wa wanunuzi.

Hatua ya 2: Pata tarehe ya kufika

Kama msafirishaji anarudisha taarifa kwamba mzigo umepokelewa, tumia hiyo kuwa siku ya sifuri. Kama hairudishi, chukua oda zako 50 za mwisho unazojua zilifika lini, uzipange kuanzia iliyofika haraka hadi iliyochelewa, kisha utumie idadi ya siku ya oda ya 45. Usitumie wastani, maana ukitumia wastani, wengi wataulizwa "umekipokea?" kabla hawajakipokea. Kitabu cha kielektroniki hakina shida hii, siku ya sifuri ni ile ile ya malipo.

Hatua ya 3: Jua aina ya oda

Usigawe wateja mafungu kumi na tano. Matatu yanatosha kuanzia: kitabu chenye mwendelezo, kitabu kinachosimama peke yake, na zawadi. Zawadi ndiyo inayosahaulika zaidi. Dalili zake ni anwani ya kupelekea isiyo ya mlipaji, ombi la kufungiwa vizuri, au ujumbe wa pongezi kwenye oda. Aliyenunua kitabu cha watoto kwa ajili ya mpwa wake hataki mapendekezo ya vitabu vya watoto kila wiki mwaka mzima.

Hatua ya 4: Andika barua zenyewe

Tuchukue oda moja tuifuate. Mteja ananunua juzuu ya kwanza ya hadithi ya upelelezi yenye juzuu tatu, kurasa 280. Analipa Jumatatu tarehe 2, na kitabu kinamfikia Jumamosi tarehe 7.

Barua ya kwanza inatoka tarehe 2, dakika chache baada ya malipo. Ni uthibitisho: jina la kitabu, nakala ngapi, kinapelekwa wapi, kinatarajiwa lini, na mteja afanye nini akiona kosa. Usiuze chochote humu. Ongeza sentensi moja tu kwamba akijibu barua hiyo, jibu linamfikia mtu. Kisha hakikisha ni kweli linamfikia.

Barua ya pili inatoka Jumatatu tarehe 9, siku mbili baada ya kufika:

> Kichwa: Kitabu kimefika salama?
>
> Habari,
> Tunaona kitabu chako kilipokelewa Jumamosi. Tafadhali pitisha macho kurasa zote: kama kuna ukurasa uliokosekana, uliochapwa kichwa chini, au jalada lililokunjika, jibu barua hii na tutakutumia nakala nyingine.
> Jambo moja zaidi. Umejinunulia, au ni zawadi?
> [Nimejinunulia] [Ni zawadi]

Yale maneno mawili ya mwisho ni viungo, na kila kimoja kinahifadhi jibu kwenye kumbukumbu ya mteja. Naipenda barua hii kuliko zote. Inamtatulia mteja shida kabla hajalalamika, na inakupa jibu ambalo hakuna dalili ya kwenye oda inayoweza kukupa kwa uhakika.

Barua ya tatu ndiyo inayouza. Kwa msomaji wa kurasa 20 kwa siku, kurasa 280 ni siku 14, kwa hiyo inatoka Jumamosi tarehe 21. Kitabu cha kurasa 500 kipe siku 25. Pendekeza kitabu kimoja tu, nacho ni juzuu ya pili. Andika sentensi mbili za mtu aliyekisoma: hadithi inaanzia wapi, na nini kilichoachwa wazi kinajibiwa. Usifichue mwisho wa juzuu ya kwanza, kwa sababu baadhi watakuwa bado wako katikati. Kiungo kimpeleke moja kwa moja kwenye ukurasa wa juzuu hiyo. Kumpeleka ukurasa wa mbele wa duka ni kumwambia akatafute mwenyewe.

Aliyenunua kitabu kinachosimama peke yake, barua yake ya tatu ni ngumu zaidi. Usimtupie "waliokinunua hiki walinunua na hivi" ikiwa duka lina oda chache, kwa kuwa orodha hiyo itajaa vitabu vinavyouzika sana na visivyohusiana na chake. Kaa chini na vitabu vyako 30 vinavyonunuliwa zaidi na wateja wapya, na kwa kila kimoja andika kwa mkono kitabu kinachokifuata. Ni kazi ya siku mbili au tatu, na hapo ndipo ujuzi wa muuza vitabu unapoonekana.

Aliyejibu "ni zawadi" asipate barua hii. Mpe moja inayomuuliza yeye mwenyewe anapenda kusoma nini.

Barua ya nne inatoka siku 35 baada ya kitabu kufika, kwa ambaye hajarudi. Chukulia kwamba huenda juzuu ya kwanza haikumfurahisha. Mpe vitabu vitatu vya ladha tofauti, kila kimoja na sentensi yake. Kama unataka kutoa nafuu, itoe hapa, na iwe kwenye gharama ya usafirishaji kwa anayenunua vitabu viwili. Faida ya kitabu kimoja ni ndogo na usafirishaji ndio unaoila, kwa hiyo vitabu viwili kwenye kifurushi kimoja vinakulipa wewe pia.

Hatua ya 5: Weka mlango wa kutokea

Mteja akinunua mara ya pili, atoke kwenye msururu saa hiyo hiyo. Mwenye malalamiko ambayo hayajatatuliwa, barua zake zisimame. Mfumo uangalie masharti haya wakati wa kutuma, siyo wakati wa kupanga ratiba, la sivyo aliyenunua juzuu ya pili tarehe 20 ataletewa tangazo lake tarehe 21.

Hatua ya 6: Barua zifike

Tuma kwa anwani ya jina la duka lako, na uweke kwenye kikoa kumbukumbu za SPF, DKIM na DMARC, zinazothibitisha kwamba barua imetoka kwako kweli. Tangu Februari 2024 Gmail inazidai zote tatu kwa watumaji wa barua 5,000 na zaidi kwa siku, pamoja na njia ya kujiondoa kwa kubofya mara moja kwenye barua za matangazo. Duka dogo halifikii idadi hiyo, ila liziweke tu. Kwa barua ya tatu na ya nne, angalia kama mfumo wako unaongeza mistari hii:

```
List-Unsubscribe: <https://duka.example/jiondoe>
List-Unsubscribe-Post: List-Unsubscribe=One-Click
```

Hatua ya 7: Pima oda ya pili

Idadi ya waliofungua barua haiaminiki tena. Tangu 2021, programu ya barua ya Apple kwa aliyewasha ulinzi wa faragha hupakua picha hata kama mtu hajafungua, na mfumo wako unamhesabu kuwa kafungua. Pima oda ya pili ndani ya siku 90.

Tena usipime kwa waliopata barua peke yao, kwani wapo ambao wangerudi hata bila barua. Kati ya kila wanunuzi wapya watano, mmoja achaguliwe kwa bahati nasibu asipate barua ya tatu na ya nne. Tuseme una wanunuzi 1,000: 800 wamepata barua na 136 wamerudi, yaani asilimia 17, wakati kati ya 200 wasiopata wamerudi 24, yaani asilimia 12. Kazi ya barua ni ile tofauti ya asilimia 5, oda kama 40, siyo 136. Na hata hiyo iangalie kwa tahadhari: wangerudi watu 6 zaidi kwenye kundi dogo, lingefika asilimia 15. Endelea kukusanya kabla hujabadilisha chochote.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, asante kwa somo. Duka langu lina oda kama kumi kwa wiki na sina mfumo wa kulipia. Naweza kufanya kwa mkono?*

Unaweza, na kwa idadi hiyo ni bora hivyo. Fungua jedwali lenye safu za tarehe ya kufika, kitabu, zawadi au la, tarehe ya barua ya tatu, na tarehe ya oda ya pili. Kila asubuhi chuja tarehe ya leo uandike barua zilizopo. Ila kundi la kulinganisha liache kwanza, watu ni wachache mno kukuonyesha kitu.

*Mkuu, mimi nauza vitabu vya kiada. Hakuna anayemaliza kitabu cha hesabu kwa siku 14.*

Ni kweli, na kanuni ya kurasa haikuhusu. Vyako vinafuata mihula. Barua ya pili ibaki ilivyo, kwa kuwa ukurasa uliokosekana kwenye kitabu cha kiada ni shida kubwa zaidi. Ya tatu ipeleke wiki tatu hivi kabla ya muhula unaofuata, ikitaja kitabu cha hatua inayofuata kwa somo lile lile.

*Je, ni lazima mteja awe amekubali kupokea barua hizi?*

Ya kwanza ni ya huduma ya oda, na ya pili nayo ibaki hivyo usipoweka bidhaa ndani yake. Ya tatu na ya nne ni matangazo, na sheria za nchi nyingi zinataka ridhaa au angalau nafasi ya kukataa wakati wa kununua. Weka kisanduku kwenye ukurasa wa malipo, kisiwe kimetiwa alama tayari. Asiyekitia alama anapata mbili za mwanzo tu.

*Juzuu ya pili ikiwa imeisha stoo siku ya kutuma?*

Usitume. Mpe mtu hamu ya kitabu usichonacho, atakinunua kwingine siku hiyo hiyo. Ongeza sharti la stoo: kama zimebaki nakala chini ya tatu, barua isubiri hadi mzigo mpya uingie, na ukipita siku ya 35 bila kuingia, mteja aende moja kwa moja kwenye barua ya nne.