Dumu la Mkojo wa Saa 24: Kulisoma Jibu la Mzazi Aliye Dodoma Ukiwa Nje ya Nchi

Wengi wenu mlioko nje hupokea majibu ya vipimo vya wazazi kwa picha ya simu, mkatazama tarakimu moja iliyoandikwa kwa wino mzito, kisha mkaamua kama ni siku ya kushukuru au ya kutafuta nauli. Ninafanya kazi maabara hapa Dodoma, na kwa vipimo vya albumini, protini ya damu ambayo figo zikiumia huivujisha kwenye mkojo, ninawaomba msiitazame tarakimu hiyo peke yake.

Mama mmoja wa Nkuhungu, mwenye miaka 62 na uzito wa kilo 60, ameishi na kisukari kwa muda mrefu. Kipimo chake cha kwanza kilikuwa cha uwiano wa albumini na kreatinini kwa mkojo wa kikopo, na kilisoma 450 mg/g. Chini ya 30 ni kawaida, kati ya 30 na 300 figo zimeanza kuvujisha, na kupita 300 uvujaji ni mkubwa. Daktari akaagiza mkojo wa saa 24, yaani wote wa siku nzima ukusanywe kwenye dumu, na jibu likaja miligramu 198 za albumini kwa siku. Kwa kuwa mipaka ya kipimo hiki nayo ni 30 na 300, binti yake aliyeko Uingereza aliamini kwamba dawa zimemshusha mama daraja. Aliponitumia karatasi nzima, macho yangu yalikwenda kwanza kwenye mstari alioupita, yaani kreatinini.

Kreatinini ni taka inayotokana na misuli, na mwili wa mtu mmoja huitoa kwa kiasi kinachokaribiana kila siku. Kwenye kikopo kazi yake ni kusawazisha mkojo mzito na mwepesi: mzee aliyeshinda juani mwezi wa Oktoba bila kunywa maji hutoa mkojo mzito wenye albumini nyingi kwa kila mililita, na akinywa bilauri tatu za maji mkojo unakuwa mwepesi, lakini kreatinini nayo hupanda na kushuka pamoja na albumini, hivyo uwiano haupotoshwi sana. Kwenye dumu la saa 24 kreatinini ni shahidi. Kwa kawaida mwanamke mtu mzima hutoa takribani miligramu 15 hadi 20 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku, mwanaume 20 hadi 25, na wazee hushuka chini ya hapo kadiri misuli inavyopungua.

Dumu la yule mama lilikuwa na mililita 1,100, ambazo ni desilita 11, na kreatinini ilikuwa miligramu 40 kwa desilita. Zidisha, unapata miligramu 440 kwa siku nzima, sawa na miligramu 7 tu kwa kilo. Kwa mwanamke wa umri wake anayetembea na kufanya kazi zake, nilitarajia angalau 600, na pengine 900. Mzee aliyekonda sana au aliyelala kitandani miezi mingi anaweza kweli kutoa kidogo hivyo, kwa hiyo hesabu hii haimhukumu mtu, inakuambia umuulize. Nikampigia.

“Shikamoo mama. Lile dumu ulilikusanyaje?”

“Marahaba mwanangu. Nililikusanya vizuri kabisa. Ila siku ile kulikuwa na msiba kwa jirani, tumeshinda huko mpaka jioni. Sasa dumu ningelibebaje msibani?”

Mkojo wa mchana karibu wote ulibaki msibani. Sasa angalia jambo lililomwokoa: albumini kwenye dumu hilo ilikuwa miligramu 18 kwa desilita, na 18 ukiigawa kwa 40 unapata 0.45, yaani 450 mg/g, vilevile kama kikopo cha mwanzo. Mkojo uliopotea hupunguza jumla ya siku, lakini uwiano ndani ya mkojo uliobaki haubadiliki sana. Alirudia wiki mbili baadaye, siku ambayo hakutoka nyumbani: mililita 1,450, kreatinini 55 na albumini 25 kwa desilita. Kreatinini ya siku ikawa takribani 800, miligramu 13 kwa kilo, na albumini ikawa 362. Uvujaji haukuwa umepungua hata kidogo, na daktari aliongeza dawa ambayo ile 198 ingeichelewesha.

Kosa la pili ninaloliona sana linatoka kwenu, na linahusu saa. Mtoto aliyezoea saa za huko anamwambia mama kwa simu “anza saa sita,” akimaanisha 6:00 ya asubuhi, na mama anaanza adhuhuri. Au fomu imeandikwa 06:00 naye anaisoma hivyo hivyo. Mwambie “saa kumi na mbili asubuhi” na umwombe airudie kwa maneno yake. Saa hiyo akojoe chooni, mkojo huo aumwage, kisha aandike muda, kwa sababu ulitengenezwa usiku kabla ya kipimo kuanza. Kuanzia hapo kila tone liingie dumuni, la mchana na la usiku, na kesho yake saa kumi na mbili asubuhi akojoe tena hata kama hajabanwa, na huo wa mwisho uingie. Akiweka mikojo yote miwili ya asubuhi, dumu linabeba zaidi ya siku moja na kreatinini hupanda isivyo kawaida. Akisahau hata mara moja, ni afadhali aseme na aanze upya siku nyingine kuliko kunyamaza.

Akinamama hupata urahisi wakikojoa kwenye jagi safi kisha wakamimina, na wanapokwenda haja kubwa wakojoe kwanza pembeni. Joto la hapa huwapa bakteria nafasi, kwa hiyo dumu likae kwenye friji, au kwenye boksi lenye barafu kivulini. Alipeleke zima: anayetikisa vibaya na kumimina kichupa kidogo bila kupima ujazo ameiacha maabara bila cha kuzidishia.

Kwa ufuatiliaji wa kawaida wa kisukari au presha, kikopo cha mkojo wa kwanza wa asubuhi kinatosha, na mimi ningekichagua kabla ya dumu. Asikipeleke akiwa na homa, maambukizi ya njia ya mkojo, au baada ya kazi nzito ya shamba siku iliyotangulia, kwani hayo hupandisha albumini kwa muda. Na jibu moja la juu halitoshi mpaka mawili kati ya matatu, ndani ya miezi mitatu hadi sita, yakubaliane.

Mama akija kuwatembelea na akapimwa huko, tazameni pia vizio vilivyoandikwa kando ya tarakimu. Maabara za Uingereza huandika mg/mmol, na ili kupata mg/g unazidisha kwa 8.84, hivyo 51 ya huko ni ile ile 450 ya kwetu. Kaka mmoja aliiona 51 ya namna hiyo, akadhani ni mg/g, na alikwisha kuitangazia familia kwamba mama amepona.

Basi mnapoomba picha ya jibu, ombeni karatasi nzima inayoonyesha ujazo, kreatinini na albumini, na pamoja nayo uzito wa mzazi, saa aliyoanza, saa aliyomaliza, na mahali alikoshinda siku hiyo.